Tori, milibari na paskali: kutatua hesabu zinazogoma unaposoma sifa za pampu ya vakyumu

Malalamiko ya mafundi wa friji na viyoyozi kuhusu pampu za vakyumu yanafanana sana. Lebo ya pampu inataja namba moja, geji inaonyesha nyingine, kitabu cha friji kinadai ya tatu, na fundi anabaki hajui kama kilichoharibika ni pampu, ni geji, au ni hesabu yake. Mara nyingi pampu ni nzima, ila namba zimeandikwa kwa vipimo tofauti na kila kipimo kina njia yake ya kumpoteza msomaji. Mwongozo huu unazungumzia pampu za mafuta za hatua moja au mbili, zile ambazo fundi huzibeba kwenda nazo kwa mteja, lakini hesabu zake ni zilezile hata kwa pampu ya maabara.

Uhusiano wa vipimo vyenyewe ni mfupi:

```
Pa = mbar × 100
Pa = Torr × 133.322
Pa = micron × 0.133322
```

Mstari wa kwanza ni sawasawa kabisa, hauna makadirio ndani yake, na geji inayoandika hPa badala ya mbar inasema jambo lilelile. Mstari wa pili unatokana na jinsi tori ilivyowekwa: presha ya kawaida ya hewa, paskali 101,325, imegawanywa kwa 760. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya tori, na ndiyo hiyohiyo inayoandikwa mTorr kwenye baadhi ya geji. Kwa kazi ya fundi, kuzidisha kwa 133 kunatosha, kwa sababu sifa za pampu hizi hutajwa kwa tarakimu moja au mbili tu. Anayebadilisha mikroni 15 na kuandika paskali 1.99983 anadai usahihi ambao mtengenezaji mwenyewe hakuudai.

Kabla ya kushika kikokotoo, kumbuka ukubwa wa vipimo vyenyewe. Paskali ni ndogo kuliko milibari na tori, kwa hiyo presha ileile ikiandikwa kwa paskali lazima namba iwe kubwa zaidi. Paskali ni kubwa kuliko mikroni, kwa hiyo ukitoka kwenye mikroni namba lazima ipungue. Jibu likienda kinyume na hapo, umegawa palipotakiwa kuzidisha, au umezidisha palipotakiwa kugawa.

Dalili ya kwanza: jibu lako halilingani na la mwenzako, au na la kitabu

Ugonjwa huu una kipimo chake. Usianze kurudia hesabu nzima. Chukua jibu kubwa uligawe kwa jibu dogo, kisha utazame uwiano unaopatikana, kwa sababu kila kosa huacha uwiano wake.

Ukipata 1.33 hivi, au 0.75 ikiwa umegawa kwa upande mwingine, mmoja wenu ameichukua tori kama milibari. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi, na ndilo gumu zaidi kulishtukia, kwa kuwa majibu yote mawili yanaonekana ya busara. Tori moja ni milibari 1.333. Tofauti ya theluthi moja haiwezi kuua friji, lakini inatosha kumfanya mnunuzi airudishe pampu nzima dukani, au aikubali ile iliyochoka.

Uwiano ukiwa 7.5, paskali zimesomwa kama mikroni. Geji nyingi za kidijitali zina kitufe kimoja cha kubadilisha kipimo, na herufi zinazotaja kipimo hicho huwa ndogo pembeni mwa kioo. Kabla ya kuwaza lolote jingine, bonyeza kitufe hicho taratibu, ukiangalia namba na herufi zake kwa pamoja mpaka urudi ulipoanzia.

Uwiano wa 100 ni milibari iliyoachwa bila kubadilishwa, na 133 ni tori iliyoachwa vilevile. Ukipata 10,000, au 17,800 hivi, basi mtu amegawa kwa 100 au kwa 133 badala ya kuzidisha, na kosa limejirudia mara mbili. Uwiano wa 750 unatokana na herufi "m" inayotangulia mTorr na mbar: macho yanaziona kama ndugu, ilhali milibari moja ni mTorr 750.

Uwiano wa 1,000 hutokea kwa nadra, lakini madhara yake ni makubwa zaidi. Hapo herufi inayotangulia kipimo imepotea au imeongezwa: mTorr imeandikwa Torr, au kPa imesomwa Pa. Kuna pia mPa na MPa, ambazo zinatofautiana kwa mara bilioni moja na bado huchanganywa kwenye matangazo ya wauzaji yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Ukikuta "MPA" au "PA" kwa herufi kubwa zote, usikisie. Tafuta sentensi nyingine kwenye karatasi hiyohiyo inayotaja presha ileile kwa kipimo kingine, uzilinganishe.

Tuchukue mfano kamili. Mnunuzi ana maelezo ya pampu nne mbele yake. Ya kwanza imeandikwa presha ya mwisho 0.05 mbar, ya pili 0.03 Torr, ya tatu 5 Pa, ya nne 25 micron. Presha ya mwisho ni ile ambayo pampu haiwezi kushuka chini yake hata ikiachwa kwa muda mrefu, kwa hiyo namba ndogo ndiyo bora. Akizitazama namba zilivyo, ataona 0.03 ni ndogo kuliko zote na 25 ni kubwa kuliko zote, na ataiweka pampu ya nne mwisho wa foleni. Sasa azibadilishe. Ya kwanza: 0.05 × 100 = paskali 5. Ya pili: 0.03 × 133 = paskali 4. Ya tatu haihitaji hesabu. Ya nne: 25 × 0.133 = paskali 3.3. Ile iliyoonekana mbovu kuliko zote ndiyo inayoshuka chini zaidi, na ya kwanza na ya tatu ni sawa kabisa.

Kisha alinganishe na kazi yenyewe. Kiwango kinachotajwa sana kwa kukausha mfumo wa friji au kiyoyozi kabla ya kujaza gesi ni mikroni 500, yaani paskali 67. Pampu zote nne zinashuka chini ya hapo kwa nafasi kubwa. Kwa maoni yangu, kulipa zaidi kwa ajili ya tofauti ya kati ya paskali 3.3 na paskali 5 katika kazi hii ni kupoteza fedha ambazo zingenunua hozi nene na geji nzuri ya mikroni.

Simama na utafute mtu wa vipimo aliyesomea kazi hiyo ikiwa uwiano uliopata haulingani na wowote kati ya hizo, na presha hiyo ndiyo inayoamua usalama wa kitu, kwa mfano chombo cha kioo, mashine ya hospitali au tanuri. Uwiano kama 2.4 au 3.8 si kosa la kubadilisha vipimo, na hakuna kikokotoo kitakachousawazisha.

Dalili ya pili: namba imekuwa kubwa au ndogo kupita kiasi

Kisababishi cha kawaida ni kipeo kilichopotea njiani. Karatasi ya awali iliandika 2 × 10⁻³ mbar, mtu akainakili kwenye ujumbe wa simu au kwenye orodha ya bei, na alama ndogo za juu zikashuka zikawa "2 x 10-3". Aliyeipokea akaisoma kama hesabu ya kutoa, au alama hasi ikadondoka kabisa na ikabaki "2 × 10³ mbar". Presha ya hewa tunayovuta ni milibari 1,013 pwani. Pampu ya vakyumu ambayo presha yake ya mwisho ni milibari 2,000 haipo, kwa hiyo namba yoyote iliyopita presha ya hewa irudishwe ilikotoka. Namba sahihi hapo ni milibari 0.002, yaani paskali 0.2.

Unapoiingiza namba ya aina hii kwenye jedwali la kompyuta, andika `2E-3` na uizidishe kwa 100. Usijaribu kuunda vipeo kwa herufi ndogo za juu, maana jedwali litaviona kama maneno.

Kisababishi cha pili ni mkato wa desimali. Karatasi za Ujerumani na za sehemu kubwa ya bara la Ulaya hutumia koma pale ambapo sisi tunatumia nukta, hivyo "0,002 mbar" ni milibari 0.002, na "1,013 mbar" inaweza kuwa milibari moja na kidogo au presha nzima ya hewa. Angalia bei, uzito au vipimo vya urefu kwenye karatasi hiyohiyo. Pampu iliyoandikwa uzito wa "11,5 kg" imeshakuambia koma yake ina kazi gani.

Dalili ya tatu: lebo moja ina namba mbili zinazopingana

Hii inawasumbua wengi, na ina haki ya kuwasumbua. Pampu nyingi za hatua moja zinazouzwa madukani zimeandikwa "5 Pa, 150 micron" kwenye mstari mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Fanya hesabu: mikroni 150 ni paskali 20, wala si 5, na paskali 5 ni mikroni 37 na nusu. Ukigawa unapata uwiano wa 4, ambao haumo katika orodha ya makosa ya kubadilisha vipimo niliyotaja juu. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba hapa hakuna aliyekosea kuzidisha, bali namba hizo mbili zinapima vitu viwili.

Sababu inayopewa nafasi ya kwanza ni tofauti kati ya presha ya sehemu na presha jumla. Ndani ya pampu ya mafuta kuna hewa iliyobaki, na juu yake kuna mvuke wa mafuta yenyewe pamoja na gesi na unyevu unaotoka ndani ya mafuta. Geji ya McLeod, chombo cha zamani cha kioo na zebaki, hulibana fungu dogo la gesi kabla ya kulipima, na mvuke unaobanwa namna hiyo hugeuka kuwa kimiminika na kutoweka kwenye hesabu. Kinachobaki ni gesi za kudumu pekee, kwa hiyo namba inatoka ndogo na ya kupendeza. Hiyo ndiyo presha ya sehemu. Geji ya kielektroniki ambayo fundi anaifunga kwenye mfumo wake inahisi kila kilichomo, mvuke pamoja na hewa, na namba yake inakuwa kubwa zaidi. Hiyo ndiyo presha jumla. Mtengenezaji anayeandika namba zote mbili bila kueleza ipi ni ipi anamtwika mnunuzi mzigo usiokuwa wake, na nadhani ni haki ya mnunuzi kuuliza kabla ya kulipa.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Badilisha namba zote mbili ziwe paskali, kisha uitumie iliyo kubwa katika mipango yako. Kama karatasi kamili ya maelezo inapatikana, tafuta maneno yanayotaja presha ya sehemu na presha jumla. Pampu iliyoandikwa "2 Pa, 15 micron" haina tatizo hili, kwa kuwa mikroni 15 ni paskali 2 barabara.

Sababu ya pili ni vali ya kuingiza hewa kidogo kwenye pampu, ambayo hufunguliwa ili mvuke wa maji usigeuke kuwa kimiminika ndani ya mafuta. Vali hiyo ikiwa wazi, pampu haishuki chini kama ikiwa imefungwa, na watengenezaji wengi hutaja presha mbili kwa hali hizo mbili. Namba zikipishana kwa mara kumi au zaidi na zote ziko kwenye kipimo kimoja, tazama kwanza kama ndivyo zilivyoelezwa. Sababu ya mwisho, na ya nadra kuliko hizo, ni kosa la uchapaji la muuzaji. Usiikimbilie mpaka zile mbili za kwanza ziwe zimeondolewa.

Ikiwa pampu inanunuliwa kwa zabuni au kwa kazi ambayo mkataba wake unataja presha, usiamue mwenyewe ni namba ipi inayomfunga muuzaji. Omba jibu la maandishi kutoka kwa mtengenezaji, likitaja presha jumla kwa paskali na vali ikiwa imefungwa.

Dalili ya nne: mshale wa geji haufiki −0.1 MPa iliyoandikwa kwenye pampu

Hapa kinachogongana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Paskali 2 kwenye lebo ni presha kamili, inayohesabiwa kuanzia utupu mtupu. Namba yenye alama hasi, iwe −0.1 MPa, −1 bar au −760 mmHg, ni presha ya geji, inayohesabiwa kuanzia presha ya hewa ya mahali ulipo kwenda chini. Huwezi kuzidisha namba yenye alama hasi kwa 133 ukapata presha ya mwisho ya pampu. Kwanza ongeza presha ya hewa, kisha ndipo ubadilishe.

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa jambo hili linajificha, maana presha ya hewa pwani iko karibu na paskali 101,000 na mshale unakaribia −0.1 MPa kama ilivyoahidiwa. Panda nayo Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, pampu ileile na geji ileile. Hewa ya huko ina presha ya takriban paskali 83,000, sawa na milibari 830 au tori 623. Geji iliyosomeka sifuri ikiwa wazi hewani haiwezi kushuka zaidi ya −0.083 MPa hata pampu ikiwa kamilifu, kwa sababu hakuna hewa zaidi ya kuondoa. Fundi anayesubiri mshale ufike −0.1 atasubiri mpaka jua lizame, na pampu nzuri itapelekwa kwa gereji bila sababu. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, mwisho wake ni karibu na −0.086 MPa.

Ukaguzi wa kwanza, basi, ni kujua presha ya hewa ya mahali ulipo. Kuna mtego hapa. Programu za hali ya hewa za simu kwa kawaida huonyesha presha iliyorekebishwa ili ionekane kama ya usawa wa bahari, na kwa Nairobi zitakuonyesha hPa elfu moja na kitu kama vile uko Mombasa. Unachotaka ni presha halisi isiyorekebishwa. Simu yenye kihisi cha presha ndani yake huweza kuionyesha kupitia programu inayosoma kihisi chenyewe, na Nairobi itakupa namba iliyo karibu na 830.

Ukaguzi wa pili ni kuiangalia geji yenyewe. Ifungue hewani: mshale ukae sifuri. Usipokaa hapo, rekebisha kwa skrubu ndogo iliyo usoni mwa geji kama ipo, la sivyo tofauti hiyo itaingia katika kila usomaji.

Ukaguzi wa tatu ni wa kuelewa mipaka ya chombo. Chukua geji ambayo kila kistari chake ni 0.002 MPa. Kistari kimoja tu ni paskali 2,000, yaani tori 15. Paskali 67, zile mikroni 500 tunazozitafuta, ni sehemu ya thelathini ya kistari hicho, na upana wa mshale wenyewe unaifunika. Tena, −0.1 MPa kamili mahali penye presha ya paskali 101,325 inabakiza paskali 1,325, sawa na mikroni 9,900 hivi, mbali sana na ukavu unaohitajika. Geji ya mshale inakuonyesha kwamba pampu inavuta. Haiwezi kukuonyesha kwamba mfumo umekauka, na hakuna kubadilisha vipimo kutakakoifanya iweze. Kwa swali hilo unahitaji geji ya mikroni.

Dalili ya tano: hesabu ni sahihi, lakini geji ya mikroni bado iko juu ya lebo

Ukishahakikisha vipimo, presha jumla na vali, shaka inahamia kwenye vifaa. Anza na mafuta ya pampu: yakiwa meupe kama maziwa yamebeba maji, na mvuke wake unaizuia pampu kushuka. Yabadilishe pampu ikiwa bado ina joto, kisha uiendeshe tena. Halafu fuata hozi, oringi na viungo, hasa hozi nyembamba za geji za kujazia gesi, ambazo hupitisha kidogo mno presha inaposhuka.

Kutenganisha pampu na mfumo, funga geji ya mikroni moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu bila hozi. Ikishuka karibu na presha jumla ya lebo, pampu ni nzima na kosa liko mbele yake. Ikiwa mfumo umeunganishwa na namba inaganda katika maelfu, zingatia kwamba mvuke wa maji yaliyofika nyuzi 0 una presha ya paskali 611, yaani mikroni 4,580 hivi. Kuganda karibu na hapo kunaashiria maji yaliyomo ndani, ambayo yamepoa kwa kuchemka kwenye utupu na huenda yameanza kuwa barafu. Kuupasha mfumo joto kidogo kutoka nje kunasaidia kuliko kuongeza saa za pampu.

Usiwashe kompresa ya friji ikiwa ndani ya utupu ili "kuisaidia" pampu. Cheche zinaweza kuruka kwenye waya za mota na kuiunguza. Mfumo wenye R290 au R600a, ambazo ni gesi zinazowaka, uachiwe fundi aliyefunzwa kuzishughulikia, mwenye vifaa vyake. Pampu ya mafuta ya kawaida isiunganishwe kamwe na mfumo wa oksijeni, kwa kuwa mafuta hayo na oksijeni nyingi vinaweza kulipuka.

Dalili ya sita: kiwango cha kuvuja kimetoka kidogo cha kushangaza

Kuvuja hakupimwi kwa presha peke yake, bali kwa presha mara ujazo kwa kila sekunde. Karatasi za Ulaya huandika mbar·L/s, na kipimo cha kimataifa ni Pa·m³/s. Kosa la kawaida ni kukumbuka 100 na kusahau lita. Milibari inapogeuka paskali namba inazidishwa kwa 100, lakini lita inapogeuka mita za ujazo inagawanywa kwa 1,000, hivyo 1 mbar·L/s ni 0.1 Pa·m³/s.

Tuseme mfumo una ujazo wa lita 2. Umeufungia kwenye mikroni 500, ukatenga pampu, na baada ya dakika 10 geji inasoma mikroni 800 na bado inapanda. Ongezeko ni mikroni 300, yaani paskali 40. Lita 2 ni mita za ujazo 0.002, na dakika 10 ni sekunde 600.

```
0.002 × 40 / 600 = 1.3E-4 Pa·m³/s
1.3E-4 / 0.1 = 1.3E-3 mbar·L/s
```

Aliyegawa kwa 100 badala ya 0.1 atapata 1.3E-6. Ikiwa kikomo kilichowekwa ni 1E-5 mbar·L/s, yeye atautangaza mfumo kuwa mzima na kuujaza gesi, wakati kipimo sahihi kimevuka kikomo hicho kwa zaidi ya mara mia moja. Kabla ya kukiita hicho uvujaji, subiri zaidi: presha ikipanda kisha ikatulia, kilichomo ni unyevu, na mfumo unahitaji kuvutwa tena, ikiendelea kupanda bila kutulia, kuna tundu. Na ikiwa kikomo chenyewe kiko kwenye 1E-5 au chini yake, jaribio la kusubiri geji ipande kwenye mfumo mdogo wenye hozi za mpira halina uwezo wa kukithibitisha. Hapo aitwe mtaalamu mwenye kifaa cha kugundua uvujaji kwa heliamu.